Video inacheza kwako, inakataa kwenye sale: namna ya kuitayarisha ili ionekane kwenye ordinatere yoyote

Wale wanaotoa mafunzo, walimu, wauguzi wa vituo vya afya na wanafunzi wanaotetea kazi yao ya mwisho wanaijua ile dakika. Musemaji anafika kwenye slaidi yenye video, anabonyeza, na pahali pa picha kunatokea mraba mweusi. Wakati mwingine sauti inatoka bila picha. Wakati mwingine picha inatembea lakini sauti hakuna. Watu wanangoja, jenereta inakula esanse, kisha musemaji anasema: "Basi tuendelee tu, video nitawaonyesha mu telefone." Lakini watu makumi ine hawawezi kuona kwenye telefone moja.

Na jambo linalosumbua ni hili: ile video ilikuwa inacheza vizuri nyumbani. Mwenyewe aliitazama mara tatu mbele ya kutoka. Kwa hiyo anafikiri kwamba ordinatere ya pale iko mubovu, ama kle yake imepata virusi. Mara nyingi si hivyo. Shida ilianza siku ile video ilipigwa, na ingeweza kumalizwa nyumbani kwa robo saa.

Jina la fishie ni mufuko tu

Tukiona fishie ya video tunaangalia zile herufi za mwisho: .mp4, .mov, .avi, .wmv. Tunazani kwamba njo formati. Kumbe zile herufi zinaonyesha tu mufuko. Ndani ya mufuko muko vitu viwili: picha na sauti, na kila kimoja kimekazwa kwa namna yake ili kisichukue nafasi kubwa. Ile namna ya kukaza inaitwa kodeki. Ordinatere ikitaka kuonyesha video, inaomba iwe na kodeki ile ile ili ikazue picha. Kama haina, mufuko unafunguka vizuri, lakini kilicho ndani hakisomeki. Ule mraba mweusi unatoka hapo.

Ni kama magunia mawili sokoni, yote yameandikwa "mihogo". Moja limejaa mihogo mikavu, lingine unga. Ukiwa na kinu unaweza kushugulika na lile la kwanza. Maandishi ya juu hayakuambii kilicho ndani, na ukibadilisha maandishi, kilicho ndani hakibadiliki. Ndiyo maana kubadilisha jina la fishie kutoka .mov kuwa .mp4 hakusaidii kitu, hata kama watu wengi wanafanya hivyo.

Leo kuko namna mbili za kukaza picha ambazo tunakutana nazo sana. Ya kwanza inaitwa H.264. Ilitolewa mwaka 2003, na imeingia karibu kila mahali: kwenye Windows tangu Windows 7, kwenye ordinatere za Mac, kwenye telefone hata zile za bei ya chini, na kwenye televizio zenye tundu ya USB. Ya pili ni H.265, ambayo inaitwa pia HEVC. Ilitolewa mwaka 2013. Inakaza zaidi, kwa hiyo video inachukua karibu nusu ya nafasi. Ni kwa ajili hiyo telefone nyingi mupya zinaipenda. Telefone za iPhone zilianza kuitumia tangu mwaka 2017, na telefone nyingi za Android zinaweza kuitumia pia.

Lakini Windows 10 haikuja na HEVC ndani yake kwa kila mutu. Inaomba kuongeza kipande kinachouzwa kwenye duka la Microsoft, na viwanda vingine vya ordinatere vinakitia mbele ya kuuza mashine. Kwa hiyo ordinatere mbili zinazofanana, zenye Windows ile ile na PowerPoint ile ile, moja inaonyesha video, ingine inaonyesha giza. Sasa unaelewa kwa nini kwako ilicheza.

VLC inaweza kukudanganya

Wengi wetu tukipata video, tunaifungua na VLC, ile programu yenye alama ya koni ya rangi ya machungwa. VLC ni programu nzuri sana, lakini kwa jaribio hili si shahidi wa kuamini. VLC inabeba kodeki zake yenyewe, karibu zote, na haiombi Windows chochote. PowerPoint haiko hivyo. Yenyewe inategemea zile kodeki ambazo Windows iko nazo. Video ikicheza mu VLC, umejua kwamba fishie si mubovu. Haujajua bado kama PowerPoint itaikubali.

Hata hivyo VLC inasaidia kwa kitu kingine: inaweza kutuambia kilicho ndani ya mufuko. Fungua video, kisha bonyeza `Ctrl` na `J` pamoja. Kunatokea dirisha la habari za kodeki. Upande wa picha, kama unaona maneno `H264 - MPEG-4 AVC`, uko sawa. Kama unaona `HEVC` ama `H.265`, inafaa kubadilisha. Angalia pia upande wa sauti. Ile inayokubalika pande zote inaitwa AAC, na VLC inaiandika `MPEG AAC Audio`.

Basi fomula ya kukumbuka ni fupi: mufuko MP4, picha H.264, sauti AAC. PowerPoint yenyewe, tangu ile ya 2013, inapendekeza vitu hivi vitatu pamoja.

Mufano: dakika ine za shamba la migomba

Tuchukue mufano wa agronome wa Kalehe anayetayarisha mafunzo kuhusu ugonjwa wa kukauka kwa migomba, ule unaoharibu mashamba yetu ya Kivu tangu miaka ya 2001. Amepiga video na iPhone. Inaonyesha namna ya kuondoa lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mukungu: si kwa panga, lakini kwa fimbo yenye panda, unashika na kuzungusha mupaka livunjike. Panga inaweza kubeba ugonjwa kutoka mugomba mumoja kwenda mwingine, fimbo haigusi maji ya mugomba kama vile. Inaonyesha tena wakati wa kufanya kazi ile: mara tu kichana cha mwisho kimetokea, mbele wadudu hawajaleta ugonjwa kwenye lile ua. Hii kazi ya mikono ni nguvu kuieleza kwa maneno. Mukulima akiona mara moja, ameelewa. Video ikikataa, somo limepotea nusu.

Fishie inaitwa `IMG_2041.MOV`. Ina dakika 4 na uzito wa mega 240. VLC inasema ndani muko HEVC. Itachezwa kwenye ordinatere ya kuazima, Windows 10 na PowerPoint 2016, na projektere ya zamani.

Kwanza tupige hesabu ya ukubwa unaofaa. Video ya telefone hii iko na pikseli 1920 kwa 1080. Projektere nyingi zinazotembea kwenye mafunzo yetu zinaonyesha pikseli 1280 kwa 800, ama hata 800 kwa 600. Kuwapelekea picha kubwa kuliko hapo ni kubeba muzigo bure, na ordinatere yenye nguvu kidogo itaanza kukatakata picha. Kwa hiyo tunashuka kwenye 1280 kwa 720, ambayo inaitwa 720p.

Uzito wa video hautegemei mufuko. Unategemea ni biti ngapi zinapita kila sekunde. Tukichukua kilobiti 2000 kwa picha na 128 kwa sauti, tunapata 2128 kwa sekunde. Dakika moja ina sekunde 60, na biti nane zinafanya baiti moja: 2128 mara 60, gawanya kwa 8, unapata karibu kilobaiti 16 000, maana yake mega 16. Dakika 4 zitafanya mega 64. Kutoka 240 tumeshuka kwenye 64, na ule mukulima aliyekaa nyuma kwenye sale hataona tofauti. Hesabu hii inafaa kwa video yoyote: mega 16 kila dakika, kwa picha za 720p.

Namna ya kubadilisha

Programu nzuri ya kazi hii inaitwa HandBrake. Ni ya bure, na inapatikana kwenye `handbrake.fr`. Usiichukue pahali pengine. Kwenye Windows inaomba kitu kingine ambacho kinaitwa `.NET Desktop Runtime`. Ukienda kuiweka kwenye ordinatere isiyokuwa na interneti, beba fishie zote mbili kwenye kle, kwani bila ile ya pili HandBrake haitafunguka.

Ukiisha kuifungua, vuta video yako na uitupe ndani ya dirisha. Kwenye `Preset` chagua `Fast 720p30`. Hii inatia yenyewe picha za H.264, sauti ya AAC na ukubwa tuliosema. Hakikisha kwamba kwenye `Format` imeandikwa `MP4`. Kisha ingia kwenye `Video`. Pale kwenye `Video Encoder` inafaa usome `H.264 (x264)`, si H.265. Na pale chini ya `Framerate`, weka 30 na uchague `Constant Framerate`.

Hii ya mwisho inaomba maelezo. Telefone haipigi picha kwa mwendo mumoja. Mwangaza ukipungua, inapunguza pia hesabu ya picha kwa sekunde. Programu zingine zinachanganyikiwa na ule mwendo, na unaona midomo ya mutu inasema kitu kimoja na sauti inasema kingine, na tofauti inaongezeka mupaka mwisho. Ukichagua mwendo mumoja, shida hiyo inaisha.

Nyuma ya pale, chagua kwenye `Browse` mahali pa kutia fishie mupya, uipatie jina fupi bila alama za juu na bila nafasi, kwa mufano `migomba.mp4`, na ubonyeze `Start Encode`. Ordinatere ya zamani inaweza kuchukua wakati murefu kuliko video yenyewe. Fanya kazi hii kukiwa umeme wa kutosha, si asubui ya mafunzo.

HandBrake inafuata ubora wa picha, haifuati uzito kamili. Kwa hiyo usishangae ukipata mega 45 ama 80 pahali pa 64. Majani ya migomba yanayotembea na upepo yanaomba biti nyingi. Mutu aliyekaa mbele ya ukuta anaomba kidogo.

Kwa wale wanaozoea kuandika amri, programu ya ffmpeg inafanya kazi ile ile kwa mustari mumoja:

```
ffmpeg -i IMG_2041.MOV -vf "scale=-2:720,fps=30" -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -crf 23 -c:a aac -b:a 128k -movflags +faststart migomba.mp4
```

Usisahau kile kipande `-pix_fmt yuv420p`. Bila hicho, video fulani zinatoka na H.264 ya namna ambayo Windows haiisomi, na unarudia kwenye mraba mweusi hata kama jina la kodeki liko sawa. Namba ile ya `-crf` njo ubora: ukipandisha kutoka 23 kwenda 26, fishie inakuwa ndogo na picha inapungua kidogo.

VLC nayo inaweza kubadilisha video, lakini kuko mutego. Ile profile inayotolewa kwanza, `Video - H.264 + MP3 (MP4)`, inatia sauti ya MP3 ndani ya mufuko wa MP4. Kwenye mashine zingine sauti inasikika, kwenye zingine kimya. Ukiitumia, bonyeza kale kafunguo kando ya profile, uende upande wa sauti, na uchague AAC pahali pa MP3.

Na kama hauna ordinatere hata kidogo? Kuko njia ya haraka: kujitumia video mwenyewe kwa WhatsApp, kama video ya kawaida. WhatsApp inaikaza upya, na mara nyingi inatoka MP4 ya H.264 ambayo inacheza karibu pahali pote. Lakini usiitume kama dokima, kwani pale haibadilishi kitu. Picha itapungua, na maandishi madogo ndani ya video hayatasomeka tena. Kwa kuonyesha fimbo na mugomba, inatosha.

Kuitia kwenye prezantasio

Sasa video iko sawa. Shida ya pili inangoja: kuitia kwenye slaidi. PowerPoint iko na njia mbili. Inaweza kumeza video ndani yake, ama inaweza kuandika tu anuani ya mahali video iko kwenye ordinatere yako. Hii ya pili inaitwa `Lier au fichier`. Ukibeba prezantasio peke yake kwenye kle, ile anuani haielekei tena popote. Slaidi inaonyesha picha ya kwanza ya video, inakupatia moyo, kisha ukibonyeza hakuna kitu.

Kwa hiyo ingia kwenye `Insertion`, kisha `Vidéo`, chagua fishie yako na ubonyeze `Insérer` ya kawaida. Uandike prezantasio kwa formati ya `.pptx`. Ile ya zamani, `.ppt`, haiwezi kubeba video ndani yake. Ukihifadhi kwa `.ppt`, video inaweza kubaki picha tu.

Kuko namna nyepesi ya kuhakikisha. Angalia uzito wa prezantasio. Kama video ni mega 64 na fishie ya `.pptx` inasema mega 2, video haiko ndani. Kama inasema mega 66, imemezwa. Jaribio hili halidanganyi na halichukui sekunde tano.

Hata ukiona mega 66, beba tena `migomba.mp4` kando, kwenye dosie ile ile ya kle. PowerPoint ikigoma, utaifungua na VLC na watu wataona. Kwa hiyo inafaa kubeba pia fishie ya kuweka VLC, kwani haiko kwenye kila ordinatere.

Kwenye dokima ya kusoma: picha na jina, si video

Watu wanauliza pia namna ya kutia video ndani ya raporo ya Word ama PDF. Jibu letu ni fupi: usijaribu. Word inakubali video za interneti, na bila koneksio musomaji ataona picha tu. PDF zilikuwa zinacheza video kwa kusaidiwa na Flash Player, lakini Flash ilikufa mwisho wa mwaka 2020. Leo programu nyingi za kusoma PDF, zaidi sana kwenye telefone, hazichezi video iliyo ndani. Raporo inakuwa nzito, haipiti kwa barua-pepe, na bado video haionekani.

Njia inayodumu ni kuchukua picha ndani ya video. Fungua `migomba.mp4` na VLC, isimamishe pale fimbo inaposhika ua, na ubonyeze `Shift` na `S`. VLC inahifadhi ile picha. Uitie kwenye raporo na chini yake uandike kitu kama hiki: "Namna ya kuzungusha ua. Angalia video migomba.mp4, dakika 1 na sekunde 35." Kisha raporo na video ziende pamoja kwenye dosie moja. Yule anayesoma kwenye ordinatere atafungua video. Yule aliyepewa karatasi ameona angalau picha ile ya maana, na anajua pahali pa kuuliza.

Pale inapokataa bado

Hakuna formati inayocheza kweli kweli kila pahali. Ukikutana na PowerPoint ya 2007, yenyewe haiwezi kumeza video, na haijui MP4. PowerPoint ya 2010 inaweza kumeza, lakini kwa MP4 inasumbua mara nyingi. Kwa mashine hizo mbili, formati ya Microsoft yenyewe njo inapita, inaitwa WMV:

```
ffmpeg -i migomba.mp4 -c:v wmv2 -b:v 2M -c:a wmav2 -b:a 128k migomba.wmv
```

Lakini WMV hiyo hiyo Mac haiichezi yenyewe, na telefone nyingi pia hazijui. Ni dawa ya mashine za zamani tu. Kwa 2007, tia `.wmv` na prezantasio kwenye dosie moja mbele ya kuingiza video, na ubebe dosie yote.

Rangi nazo zinaweza kushangaza. Telefone mupya za iPhone na zingine zinapiga video za HDR, zenye rangi za ziada. Ukizibadilisha kuwa H.264 ya kawaida, zinaweza kutoka zimefifia, kama nguo iliyofuliwa sana. Kurekebisha kunawezekana lakini kunachosha. Afazali kuzima HDR mbele ya kupiga. Kwenye iPhone, ingia tena kwenye `Réglages`, `Appareil photo`, `Formats`, na uchague `Le plus compatible`. Hapo video za kawaida zitapigwa kwa H.264 moja kwa moja, na kazi yote ya kubadilisha inabaki kupunguza ukubwa tu. Hasara ni nafasi: dakika moja ya 1080p itachukua mega 130 hivi, pahali pa 60.

Na kama picha inatembea vizuri lakini sale haisikii kitu, usianze kushitaki kodeki. Angalia kamba. Ile kamba ya zamani ya VGA, yenye meno mengi na skru mbili, haibebi sauti kabisa. Inafaa kamba ingine itoke kwenye tundu ya sauti ya ordinatere kwenda kwenye bafle. Kamba ya HDMI yenyewe inabeba sauti, lakini inaweza kuipeleka kwenye projektere, ambako bafle ni ndogo ama hakuna. Bonyeza alama ya sauti chini kulia mwa Windows, na uchague upya sauti itokee wapi. Ukitaka kujua kama ni kamba ama kodeki, cheza wimbo wowote wa MP3. Wimbo ukisikika na video isisikike, rudia kwenye `Ctrl` na `J` uangalie kama sauti iko AAC. Wimbo nao ukinyamaza, shida ni kamba.

Jaribio la mwisho lifanyike kwenye ordinatere isiyokuwa yako. Ile uliyotumia kutayarisha iko na fishie zote, anuani zote na pengine kodeki za ziada, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha kosa. Enda kwa jirani ama kwenye sekretaria ya karibu, ingiza kle, fungua prezantasio kutoka kwenye kle yenyewe, cheza video tangu mwanzo mupaka mwisho na usikilize. Kwa yule agronome wa Kalehe ni dakika 4. Kama imepita pale, na `migomba.mp4` iko kando pamoja na fishie ya VLC, anaweza kupanda motokari bila wasiwasi wa mraba mweusi.